Jumla ya hali za mzunguko ya molekuli ya atomu mbili

Jumla ya hali za mzunguko, inayoitwa pia kitendakazi cha mgawanyo cha mzunguko, ni namba inayotumika katika mekanika ya takwimu kueleza ni hali ngapi za mzunguko ambazo molekuli inaweza kuzifikia katika halijoto fulani. Huandikwa kwa alama q. Kwa molekuli ya atomu mbili kama vile nitrojeni (N₂) au monoksidi ya kaboni (CO), katika halijoto ya kawaida hupatikana kwa fomula fupi:

q = T / (σθ)

Hapa T ni halijoto katika kelvini, θ ni halijoto bainifu ya mzunguko ya molekuli husika, na σ ni namba ya ulinganifu. Namba hiyo ni 1 ikiwa atomu mbili za molekuli ni tofauti, na ni 2 ikiwa zinafanana kabisa.

Mara nyingi σ huelezwa kama sahihisho la kosa la kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Maelezo hayo yanatoa jibu sahihi, lakini yanaficha chanzo chake. Chanzo ni sheria ya mekanika ya kwanta kuhusu viini vinavyofanana, na sheria hiyo huonekana wazi pale fomula fupi inaposhindwa, yaani katika hidrojeni baridi.

## Ngazi za nishati

Molekuli ya atomu mbili hufikiriwa kama vitufe viwili vilivyounganishwa na kijiti kisichopinda wala kunyooka. Kijiti hicho kinapozunguka, mekanika ya kwanta hairuhusu kila kasi. Nishati huja kwa ngazi:

E = kθ J(J+1)

ambapo J ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea, na k ni konstanti ya Boltzmann. Katika kila ngazi kuna hali 2J+1 zenye nishati ileile. Zinatofautiana kwa mwelekeo wa mzunguko tu.

Ukubwa wa θ hutegemea momenti ya inesha I ya molekuli:

θ = h² / (8π²Ik)

Molekuli nyepesi yenye viini vilivyo karibu ina I ndogo, kwa hiyo θ yake ni kubwa na ngazi zake zimeachana sana. Hidrojeni ina θ ya kelvini 85.3, ambayo ni kubwa kuliko ya molekuli nyingine yoyote ya kawaida. Kloridi ya hidrojeni (HCl) ina takriban 15, nitrojeni 2.88 na monoksidi ya kaboni 2.77. Molekuli nzito ya iodini (I₂) ina takriban 0.05 tu.

Jumla ya hali hupatikana kwa kupitia ngazi zote na kuipa kila hali uzito wake wa Boltzmann:

q = Σ (2J+1) e^(−J(J+1)θ/T)

Hali ya chini kabisa ina uzito wa 1. Hali zenye nishati kubwa mno kulinganisha na kT zina uzito unaokaribia sifuri. Ndiyo maana q inaweza kusomwa kama idadi ya hali ambazo molekuli inazifikia kwa kweli. Jumla hii, kama ilivyoandikwa hapa, ni ya molekuli yenye atomu mbili tofauti. Hakuna σ ndani yake.

## Kikomo cha halijoto ya juu

Katika chumba chenye kelvini 298.15 (nyuzi 25 za Selsiasi), molekuli za CO zimetawanyika katika ngazi nyingi. Ngazi yenye molekuli nyingi zaidi ni J = 7, na hata J = 15 bado ina sehemu inayoonekana. Kutoka ngazi moja hadi inayofuata uzito hubadilika kidogo kidogo, kwa hiyo jumla inaweza kubadilishwa kuwa intigrali bila hasara kubwa.

Intigrali hiyo ni rahisi kuliko inavyotazamiwa. Kama u = J(J+1), basi du = (2J+1) dJ, na kizidishi 2J+1 kilichokuwa kikileta usumbufu kinamezwa chote. Kinachobaki ni intigrali ya e^(−uθ/T) kuanzia sifuri hadi ukomo, na jibu lake ni T/θ. Kwa CO hii ni 298.15 ÷ 2.77, yaani 107.6.

Kubadilisha jumla kuwa intigrali kunaacha tofauti ndogo, ambayo inajulikana kwa mfululizo huu:

q = (T/θ) [1 + θ/(3T) + (1/15)(θ/T)² + …]

Sahihisho la kwanza huongeza theluthi moja tu kwenye q, bila kujali halijoto. Kwa CO jibu hupanda kutoka 107.6 hadi 108.0, na hakuna kipimo cha kawaida kitakachojali tofauti hiyo. Lakini T ikiwa sawa na θ, fomula fupi inatoa 1, wakati jumla ya moja kwa moja ni 1 + 0.406 + 0.012 + …, yaani 1.418. Hapo kosa limefika karibu asilimia 30.

Neno "juu" katika kikomo hiki, basi, halina uhusiano na joto linalohisiwa na ngozi. Hupimwa kwa θ. Nitrojeni inayochemka, yenye kelvini 77, ni baridi ya kutisha kwa mkono wa mtu, lakini kwa mzunguko wa N₂ ni halijoto ya juu, kwani ni mara 27 ya θ. Hidrojeni katika chumba hichohicho cha nyuzi 25 ni mara tatu na nusu tu ya θ yake, na kwake "juu" bado hakujafika vizuri.

Kwa upande wa pili kuna mpaka pia. Katika maelfu ya kelvini kijiti huanza kunyooka kutokana na kasi ya mzunguko, na mtetemo wa molekuli huchanganyika na mzunguko wake. Hapo fomula ya E iliyo juu haitoshi tena.

## Namba ya ulinganifu

Molekuli ya CO ikigeuzwa nyuzi 180, kaboni inakuwa mahali pa oksijeni, na matokeo ni mpangilio mwingine. Molekuli ya N₂ ikigeuzwa vivyo hivyo, hakuna kilichobadilika. Anayehesabu mielekeo yote ya N₂ kama alivyohesabu ya CO amehesabu kila mpangilio mara mbili, na inambidi agawe kwa 2. Hivyo ndivyo σ ilivyoingia katika fomula kwa njia ya kawaida.

Athari yake hupimika. Entropia ya mzunguko katika kikomo cha halijoto ya juu ni

S = R (ln q + 1)

kwa kila moli, ambapo R ni 8.314 J/(K·mol). Kwa nitrojeni yenye kelvini 298.15, q = 298.15 ÷ (2 × 2.88) = 51.8, na S ni 41.1. Entropia inayotokana na mwendo wa molekuli kutoka mahali hadi mahali, kwa kanieneo ya bar 1, ni 150.4. Mtetemo hauongezi chochote cha maana katika halijoto hii. Jumla ni 191.5 J/(K·mol). Vipimo vya joto vilivyofanywa kwa kuipasha nitrojeni kuanzia karibu na sifuri halisi hutoa takriban 192. Bila σ jibu lingekuwa 197.3, tofauti ambayo hakuna mpimaji makini angeikosa. Tofauti hiyo ni R ln 2, yaani 5.76.

CO ina takriban masi ileile na θ ileile, lakini σ yake ni 1, na entropia iliyokokotolewa kwake ni 197.7. Ajabu ni kwamba kipimo cha joto cha CO hutoa pungufu ya takriban 4.6. Kosa haliko kwenye σ. Katika fuwele la CO baridi molekuli nyingi hukwama zikiwa zimegeuka kichwa chini, kwa kuwa ncha mbili zinakaribia kufanana, na mpangilio huo wa ovyo hubaki hata karibu na sifuri halisi. Kipimo cha joto hakiwezi kuuona.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa isotopi. Nitrojeni yenye atomu za ¹⁴N na ¹⁵N kwa nusu na nusu ikiachwa ibadilishane atomu hadi kufikia msawazo, hutokea mmenyuko huu:

¹⁴N₂ + ¹⁵N₂ ⇌ 2 ¹⁴N¹⁵N

Sifa za kikemia za isotopi hizi zinakaribiana mno, hivyo mtu angeweza kudhani kwamba konstanti ya msawazo ni 1. Lakini molekuli mbili za kushoto zina σ = 2 kila moja, na ya kulia ina σ = 1. Konstanti inakuwa (2 × 2) ÷ (1 × 1), yaani 4. Jibu hilo linaweza kuhakikishwa kwa kurusha sarafu: kuokota atomu mbili bila kuchagua hutoa robo ¹⁴N₂, robo ¹⁵N₂ na nusu ¹⁴N¹⁵N, na (½)² ÷ (¼ × ¼) ni 4. Mfano huu unaonyesha pia kwamba kufanana kunakohitajika ni kwa viini. ¹⁴N¹⁵N ni nitrojeni pande zote mbili, lakini namba yake ya ulinganifu ni 1.

## Chanzo katika mekanika ya kwanta

Kugawa kwa 2 kunaeleweka pale mielekeo inapohesabiwa kama pembe. Ngazi za kwanta si pembe, na hakuna ngazi inayoweza kukatwa nusu. Swali ni wapi nusu ya hali zimekwenda.

Jibu ni kwamba hazikuruhusiwa kuwapo. Viini viwili vinavyofanana vinapobadilishana nafasi, kitendakazi cha wimbi cha molekuli nzima lazima kibaki kilekile ikiwa viini ni bosoni, au kigeuze ishara yake ikiwa ni fermioni. Kwa molekuli kama N₂ na H₂, sehemu ya mzunguko hubaki ilivyo pale J ikiwa namba shufwa, na hugeuza ishara pale J ikiwa namba witiri. Spini za viini nazo huungana kwa namna mbili, yaani namna isiyogeuza ishara na namna inayogeuza. Kila ngazi ya J inaruhusiwa kuambatana na namna moja tu kati ya hizo, ile inayotimiza sheria.

Kisa chepesi kuliko vyote ni ¹⁶O₂. Kiini cha ¹⁶O hakina spini na ni bosoni. Kutokana na mpangilio wa elektroni zake, ngazi zinazoruhusiwa ni za namba witiri peke yake. Ngazi zote za shufwa hazipo. Katika halijoto ya juu ngazi za shufwa na za witiri zingechangia sawasawa, hivyo kukosekana kwa kundi moja kunaacha nusu ya T/θ. Hiyo ndiyo σ = 2.

Katika nitrojeni makundi yote mawili yapo, ila kwa uwiano usio sawa. Kiini cha ¹⁴N kina spini 1, na spini za viini viwili hutoa hali tisa: sita zisizogeuza ishara na tatu zinazogeuza. Kwa hiyo ngazi za shufwa huhesabiwa mara sita na za witiri mara tatu. Kila kundi katika halijoto ya juu ni nusu ya T/θ, na jumla ni 9 × T/(2θ). Namba 9 ni ya spini za viini, ambazo hazibadiliki katika mmenyuko wowote wa kikemia. Kwa desturi huachwa, na T/(2θ) hubaki.

Uwiano wa sita kwa tatu uliwahi kuleta msukosuko. Mwaka 1929 Franco Rasetti alipima mtawanyiko wa Raman katika nitrojeni na kuona mistari inayopokezana, mkali na hafifu, ile ya J shufwa ikiwa mikali. Mwaka huohuo Walter Heitler na Gerhard Herzberg walionyesha kwamba hilo linamaanisha kiini cha nitrojeni ni bosoni. Wakati huo kiini kilidhaniwa kuwa na protoni 14 na elektroni 7, jumla vipande 21. Idadi ya witiri ya fermioni haiwezi kufanya bosoni, kwa hiyo picha hiyo ilikuwa na kasoro. Baada ya James Chadwick kugundua neutroni mwaka 1932, hesabu ilitengemaa: protoni 7 na neutroni 7, jumla 14.

## Hidrojeni

Kiini cha hidrojeni ni protoni, fermioni yenye spini ½. Spini mbili hutoa hali nne. Hali moja huambatana na ngazi za shufwa, na molekuli za namna hiyo huitwa parahidrojeni. Hali tatu huambatana na ngazi za witiri, nazo huitwa orthohidrojeni. Jumla kamili ni:

q = (jumla ya J shufwa) + 3 × (jumla ya J witiri)

Kwa kelvini 300, θ/T ni 0.284. Ngazi za shufwa zinatoa 1 + 0.908 + 0.031, yaani 1.939. Ngazi za witiri zinatoa 1.699 + 0.231 + 0.002, yaani 1.932. Makundi mawili yanakaribia kulingana ingawa ngazi zinazohusika hazizidi sita, na ndiyo sababu hidrojeni ya kawaida ina robo tatu ya ortho na robo ya para. Hata hivyo fomula fupi T/(2θ) inatoa 1.76, wakati wastani wa makundi mawili ni 1.94. Tayari kuna kosa la asilimia 9 katika halijoto ya chumba.

Kwa kelvini 20, karibu na pale hidrojeni inapochemka, fomula fupi inatoa 0.12. Namba hiyo haiwezekani, kwa sababu hali ya J = 0 peke yake ina uzito wa 1. Ni njia rahisi ya kutambua kwamba kikomo cha halijoto ya juu kimetumiwa mahali pasipofaa: q ya namna hii ikishuka chini ya 1, fomula iachwe na ngazi zijumlishwe moja baada ya nyingine. Katika baridi hiyo ni ngazi mbili tu zinazohusika, na jumla inachukua mstari mmoja: 1 kwa para, na 3 × 3e^(−8.53), yaani 0.0018, kwa ortho. Katika msawazo, asilimia 99.8 ya molekuli ni para.

Maneno "katika msawazo" yana uzito mkubwa hapa. Arnold Eucken alionyesha mwaka 1912 kwamba uwezo wa hidrojeni wa kubeba joto hushuka inapopoozwa, hadi gesi ikawa kama ya atomu mojamoja. Mkunjo wa vipimo ulikataa kulingana na hesabu, hata baada ya σ na baada ya spini kuingizwa. Mwaka 1927 David Dennison alitatua tatizo hilo kwa kudhani kwamba ortho na para hazibadilishani wakati wa kipimo. Spini za protoni haziguswi kwa urahisi na migongano ya molekuli, hivyo gesi iliyopoozwa hubeba uwiano wa tatu kwa moja wa chumba ilikotoka. Uwezo wa joto ulipokokotolewa kwa kila kundi peke yake, kisha kuunganishwa kwa uwiano huo, hesabu ilifuata vipimo. Mwaka 1929 Karl Friedrich Bonhoeffer na Paul Harteck walitengeneza parahidrojeni karibu safi kwa kuipitisha hidrojeni baridi juu ya makaa, ambayo hufanya kazi ya kichocheo.

Jambo hili ni la gharama kwa wanaotengeneza hidrojeni ya kimiminika. Kushuka kutoka J = 1 hadi J = 0 hutoa nishati ya 2kθ kwa molekuli, ambayo ni takriban kilojuli 1.4 kwa moli. Hidrojeni iliyogeuzwa kimiminika haraka ina robo tatu ya ortho, na ikiachwa kwenye tangi hugeuka para polepole na kutoa takriban kilojuli 1.06 kwa kila moli. Joto linalohitajika kuivukiza ni takriban kilojuli 0.9 tu. Tangi linaweza kuzuia joto la nje kwa ukamilifu na bado likapoteza sehemu kubwa ya hidrojeni, kwa joto lililoingia likiwa limefichwa ndani ya molekuli zenyewe. Kwa sababu hiyo viwanda huipitisha hidrojeni juu ya kichocheo, mara nyingi oksidi ya chuma, wakati bado inapoozwa, ili mageuzi yaishe kabla ya kufika kwenye tangi.

Molekuli ya HD, yenye protoni upande mmoja na deuteroni upande mwingine, haina tatizo hili. Viini vyake si sawa, σ ni 1, ngazi zote za J ziko wazi kwa kila hali ya spini, na ikipoozwa hushuka hadi J = 0 bila kuhitaji kichocheo.